Picha ya Lundo la Pamba: Hasadi, Kijicho na Kukinai katika Simu Zetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake.

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtoto au ndugu aliyekwenda kutafuta riziki bara. Zamani habari zake zilikuja kwa barua, au kwa mdomo wa msafiri, mara chache kwa mwaka. Leo zinakuja kila siku, tena kwa picha. Na katika picha hizo limeingia swali ambalo wengi wetu hulibeba kimya kimya: mtu akiona ndugu yake amepata, moyo ukamuuma, je, hiyo tayari ni hasadi? Na kama ni hasadi, aitoe vipi na hali picha nyingine itakuja kesho?

Tutalijibu swali hili kwa kushika picha moja tu na kuiangalia vizuri, kisha tuone Qur'ani na Sunna zinatufundisha nini juu yake.

Picha kutoka Bariadi

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Wenyeji wake wengi ni Wasukuma, na zao lao kubwa la biashara ni pamba. Hupandwa mvua zinapoanza, kiasi cha Novemba na Disemba, na huchumwa kwa mkono kuanzia mwezi wa Mei. Kwa hiyo fedha ya mkulima wa pale haiji mwezi kwa mwezi. Inakuja mara moja kwa mwaka, katika miezi michache ya mavuno.

Sisi wa visiwani jambo hili hatuhitaji kufundishwa, kwani karafuu zetu ndivyo zilivyo. Mwenye mikarafuu hupata fedha kwa mkupuo msimu unapofika, kisha hukaa muda mrefu akisubiri, na upo mwaka ambao mti hauzai cha maana. Mtu akikuona siku unapopokea malipo ya karafuu zako akadhani ndiyo hali yako ya kila siku, utamcheka.

Sasa tuchukue mfano wa kijana kutoka Pemba aliyehamia Bariadi, akaoa huko, akalima pamba ekari tano. Siku ya mavuno anasimama mbele ya lundo jeupe lililomfika kifuani, anapiga picha na kuiweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Kaka yake aliyebaki Wete anaifungua usiku, amejilaza baada ya siku nzima ya kazi isiyomlipa. Anaona lundo, anaona kicheko cha mdogo wake, na kifua kinabana.

Picha haikusema uongo, kwani lundo lipo kweli. Ila tufanye hesabu ambayo picha haikuionyesha. Tuseme kila ekari imetoa kilo 250, na bei ni shilingi 1,200 kwa kilo. Ekari tano ni kilo 1,250, sawa na shilingi 1,500,000. Sasa tutoe gharama za mfano: kulima kwa ng'ombe 150,000, palizi mbili 200,000, mbegu na dawa za wadudu 100,000, na vibarua wa kuchuma 150,000. Jumla ni 600,000. Zinabaki 900,000, na hizo ndizo za kulisha nyumba mpaka mavuno mengine. Ukizigawa kwa miezi 12 ni shilingi 75,000 kwa mwezi. Huenda yule kaka wa Wete, kwa vibarua vyake vidogo vidogo, anapata zaidi ya hizo. Lakini chake hakijilundiki mahali pamoja kikapigwa picha.

Bei ya shilingi 1,200 hatukuitunga. Ndiyo bei elekezi iliyotangazwa katika msimu wa mwaka 2019. Mwaka ule bei ya pamba katika soko la dunia ilishuka, wanunuzi wakasuasua, na wakulima wengi walikaa muda mrefu wakisubiri malipo ya pamba waliyokwisha kuitoa. Kwa hiyo mtu aliyepiga picha na lundo lake mwaka ule angeweza kuwa, siku ile ile, anadaiwa dukani na hana nauli. Aliyekuwa mbali aliona utajiri, na mwenye picha alikuwa na deni mikononi.

Hapa ndipo simu inapoleta jambo jipya. Jirani yako unamwona akicheka na unamwona akiugua. Unamwona anaponunua, na unamwona anapokwenda kukopa. Ndugu wa kwenye simu humwoni ila katika saa aliyoichagua mwenyewe. Unalinganisha siku yake moja bora na siku zako zote, na mizani ya namna hiyo haiwezi kusema kweli.

Maumivu ya moyo si daraja moja

Wanavyuoni wametofautisha hali ambazo sisi huzichanganya chini ya neno moja la kijicho. Imamu Ghazali, katika kitabu chake Ihya Ulumiddin, ameieleza hasadi kwa daraja nne, na tukizipanga juu ya picha yetu ya pamba zinafahamika vizuri.

Daraja ya kwanza na mbaya kabisa ni kutaka neema imwondokee mwenzako hata kama wewe hutaipata. Kaka wa Wete anatamani wadudu wale pamba yote, ingawa yeye hatofaidika hata kwa kilo moja. Ya pili ni kutaka neema ile ile itoke kwa mwenzako ije kwako, mfano shamba lile lile au nyumba ile ile. Ya tatu ni kutaka mfano wa neema yake, lakini ukiona huipati unatamani na yeye aikose ili mlingane. Ya nne ni kutaka mfano wa neema yake huku ukipenda abaki nayo.

Hii ya nne ndiyo iitwayo ghibta, na katika jambo la dunia haina dhambi. Ikiwa katika jambo la kheri, inasifiwa. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametueleza kwamba hakuna kutamani kwa namna hiyo kunakostahiki isipokuwa kwa watu wawili: aliyepewa mali akaitumia katika haki, na aliyepewa hekima akahukumu na kufundisha kwayo.

Basi mtu atajuaje yuko daraja gani? Asiangalie namna moyo ulivyoshtuka alipoiona picha, kwani mshtuko huo huja bila kuitwa. Ajiangalie siku inapokuja habari ya upande wa pili. Akisikia mvua ya mawe imepiga shamba la mdogo wake, au malipo yamekwama, kitu cha kwanza kilichopita moyoni ni nini? Kikiwa ni huzuni, basi alichokuwa nacho kilikuwa ghibta, na amshukuru Mola wake. Kikiwa ni faraja, hata ndogo iliyojificha, akajikuta anasema "na yeye alizidi kujionyesha," basi hasadi imeingia na inahitaji kutolewa.

Na hata hapo mlango haujafungwa. Katika Suratul Falaq tunaamrishwa kujikinga na shari ya hasidi anapohusudu. Wanavyuoni wengi wamefahamu kutokana na maneno hayo kwamba madhara yanakuja pale hasadi inapofanyiwa kazi: kwa ulimi, kwa mkono, au kwa kuridhika nayo na kuilea. Wazo linalokuja, mtu akalichukia na asilitamkie wala kulifuata kwa tendo, halihesabiwi kama tendo. Kwa hiyo anayeumwa na kijicho na huku anajichukia kwa ajili yake asikate tamaa. Kule kukichukia ni dalili ya imani.

Siku Qaruni alipojitokeza

Mtu anaweza kudhani mambo haya ni ya zama za simu tu. Katika Suratul Qasas, kuanzia aya ya 76 hadi ya 82, Mwenyezi Mungu Anatusimulia kisa cha Qaruni, na ndani yake imo kila hatua tuliyoieleza.

Qaruni alikuwa katika watu wa Nabii Musa (A.S.). Alipewa hazina ambazo funguo zake tu ziliwaelemea kundi la watu wenye nguvu. Aliponasihiwa alijibu kwamba amepata vile kwa ujuzi alionao. Kisha siku moja akawatokea watu wake akiwa katika pambo lake. Tuzingatie kwamba aya haikututajia kuwa aliwapa kitu au aliwanyang'anya kitu siku ile. Alijionyesha tu, na kule kujionyesha peke yake kuliwagawa waliokuwa wakitazama makundi mawili.

Kundi la kwanza, wanaotaka maisha ya dunia, walitamani wangepewa mfano wa alichopewa Qaruni, wakamwona ni mwenye bahati kubwa. Kundi la pili, waliopewa elimu, waliwaonya wenzao kwamba malipo ya Mwenyezi Mungu ni bora kwa aliyeamini na akatenda mema. Makundi yote mawili yaliona kitu kile kile kwa macho yale yale. Kilichowatofautisha ni kile walichokijua kabla ya kuona.

Kisha ardhi ikammeza Qaruni pamoja na nyumba yake. Asubuhi, wale wale waliotamani nafasi yake jana wakawa wanasema kwamba lau si fadhila za Mwenyezi Mungu juu yao, wao pia wangemezwa. Hapa pana somo ambalo wengi hulipita haraka. Watu hawa hawakutaka mali ya Qaruni iondoke. Walitaka mfano wake tu. Juu ya hivyo, walikuwa wanaomba nafasi wasiyoijua mwisho wake. Anayetamani maisha ya mtu anayatamani yote, yaliyomo kwenye picha na yasiyokuwamo.

Ndiyo maana katika Suratun Nisaa aya ya 32 tunakatazwa kutamani kile ambacho Mwenyezi Mungu Amewafadhilisha baadhi yetu juu ya wengine, na papo hapo katika aya hiyo hiyo tunaamrishwa kumwomba Yeye katika fadhila Zake. Hatukuambiwa tusitake kitu. Tumeelekezwa mahali pa kukitaka. Na katika Suratu Taha aya ya 131, Mtume (S.A.W.) anakatazwa kuyakodoa macho kwenye pambo la dunia walilostareheshwa watu, kwani ni la kuwajaribu kwalo. Neno lililokuja ni la jicho: kulinyoosha, kulikawiza. Mtazamo wa kwanza hauzuiliki. Kinachozuilika ni kurudi tena kwenye picha ile ile mara ya tatu na ya nne, kuikuza kwa vidole ili kuona pikipiki iliyoegeshwa nyuma ya lundo ni ya aina gani.

Kukinai kunafanywa vipi

Kukinai ni kuridhika moyo na kilichopo mkononi huku mkono ukiendelea na kazi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha njia yake katika hadithi ya Abu Huraira (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim: katika mambo ya dunia tumtazame aliye chini yetu, tusimtazame aliye juu yetu, kwa sababu hilo linafaa zaidi ili tusizidharau neema za Mwenyezi Mungu zilizo juu yetu.

Hadithi hii ina sababu ndani yake, na sababu hiyo ndiyo ufunguo. Lengo la kumtazama wa chini si kufurahia dhiki yake wala kujiona bora, bali ni kuirejesha neema yako mahali pake machoni mwako. Kaka wa Wete ana nyumba isiyovuja, samaki wa jioni, na mama yake mzazi yuko hai chumba cha pili, akiita anaitika. Mdogo wake wa Bariadi, mwenye lundo lake lote, hamwoni mama ila kwa simu. Neema hizi zilikuwapo asubuhi kabla ya picha, na bado zipo. Picha imezipunguza machoni tu. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa anayeamka akiwa na amani katika watu wake, na afya ya mwili wake, na chakula cha siku yake, ni kama aliyekusanyiwa dunia nzima. Mambo hayo matatu mtu anaweza kuyahesabu kitandani kabla hajaishika simu, na huo ndio wakati wake mzuri.

Kisha kuna dawa ya moja kwa moja, nayo ni kumwombea baraka yule yule unayemwona. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kisa cha Sahaba wawili. Amir bin Rabi'a (R.A.) alimwona Sahl bin Hunaif (R.A.) akioga, akastaajabu kwa uzuri wa ngozi yake akalitamka hilo, na Sahl akaanguka mgonjwa. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa alimkemea Amir, akamuuliza kwa nini mtu amuue ndugu yake, na kwa nini hakumwombea baraka. Kisha Amir akaamrishwa atawadhe, Sahl akamwagiwa maji yale, akainuka mzima. Amir hakuwa adui, alikuwa mwenye kustaajabu tu. Basi sisi tunaopita kwenye picha za watu usiku kucha, tuna haja zaidi ya kusema "Allahumma baarik" kwa kila tunachokipenda. Na ulimi ukimwombea mtu baraka kwa kukariri, moyo huona taabu kuendelea kumtakia hasara.

Ikiwa picha za mtu fulani bado zinakuumiza, unaweza kunyamazisha stetasi zake. Katika simu nyingi unabonyeza jina lake kwa muda kwenye orodha ya stetasi na kuchagua kunyamazisha, naye hapewi taarifa. Je, huku ni kukata udugu? Tunavyofahamu, hapana, maadamu unampigia, unaitika salamu yake, unamjulia hali na unashirikiana naye katika shida na furaha. Udugu ulioamrishwa kuungwa ni huu, wala stetasi si katika haki zake. Bali kumpigia simu ni dawa zaidi, kwa sababu kwenye maongezi atakueleza na lile la malipo kukwama.

Kwa anayeweka picha

Naye kijana wa Bariadi ana lake la kuzingatia. Katika Suratu Dhuha tumeamrishwa kuisimulia neema ya Mola wetu. Na katika Suratu Yusuf, aya ya 5, Nabii Yaaqub (A.S.) anamkataza mwanawe asiwasimulie ndugu zake ndoto yake, kwa kuchelea wasimfanyie vitimbi. Aya hizi hazipingani. Neema husimuliwa kwa kumshukuru Mwenye kuitoa, na hustiriwa mbele ya yule ambaye kuiona kutamtia katika mtihani. Kabla ya kuweka picha mtu ajiulize: nikiiweka, nani nataka aione, na nataka ahisi nini? Jibu likiwa ni kutaka fulani aone kwamba nimemshinda, basi hiyo si shukrani. Na shukrani aliyoahidiwa nyongeza mwenye kuifanya, kama ilivyokuja katika Suratu Ibrahim aya ya 7, huonekana zaidi katika anachompelekea mama yake kuliko katika anachowaonyesha watu mia mbili.

Hapo tunapenda kuondosha mkanganyo mmoja unaozigombanisha familia. Dada au kaka aliyebaki visiwani na wazazi akimwambia aliye bara kwamba mama anahitaji dawa na zamu ya kuchangia ni yake, hiyo si hasadi, na si haki kumwita hasidi. Kadhalika anayedai fungu lake la mirathi au deni lake. Hasadi ni kuchukia alichogaiwa mwenzako, na kudai haki ni kutaka kilicho chako. Wako wanaojificha nyuma ya neno "wananihusudu" ili wasitoe kilicho wajibu juu yao. Na wako wanaoita choyo chao "haki." Njia ya kupambanua ni kuuliza: lau ningelipwa changu leo, ningefurahi yeye abaki na chake? Akijibu ndiyo kwa ukweli, alikuwa akidai haki.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu Azikinaishe nyoyo zetu kwa Anachoturuzuku, Awabarikie ndugu zetu walioko Simiyu na kwengineko katika mashamba na biashara zao, na Asijaalie ndani ya vifua vyetu chuki kwa walioamini.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.